Rafiki aliyeshika dini na nasaha zisizokwisha

Liko jambo ambalo wengi huogopa kulisema wasije wakadhaniwa wanapinga dini. Chukulia vijana wawili wa Kasokola, kule Mpanda, waliokua pamoja. Mmoja Allah amemjaalia kuishika dini barabara. Sasa kila wakikutana, salamu haijaitikiwa vizuri, hotuba imeanza: suruali imevuka kifundo cha mguu, ndevu zimenyolewa, mpira unapoteza wakati. Na husemwa mbele za watu.

Mwenzake hamjibu, anamkwepa. Simu inaita, anaitazama mpaka inakatika. Hapo nasaha imekwisha kushindwa, maana anayenasihiwa hajaacha kitu. Amejifunza kuficha tu.

Je, akimwambia atakuwa amekosea? Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaunga udugu Salman na Abu Dardaa. Salman alipomtembelea nduguye alimkuta mkewe kavaa hovyo, kwa kuwa mume hana haja na dunia. Abu Dardaa akamwandalia chakula, mwenyewe amefunga. Salman akakataa kula mpaka wale wote. Usiku akamzuia kusimama kuswali, na ulipofika mwisho wake wakaswali pamoja. Ndipo akamkumbusha kuwa Mola wake, nafsi yake na ahli zake wote wana haki juu yake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, akamsadikisha Salman.

Nakubali, Abu Dardaa alikuwa akijikalifisha mwenyewe, hakuwa akimhubiria mtu. Kwa mahubiri tunaye Ibn Mas'ud, aliyekuwa akiwaidhi kila Alhamisi. Aliombwa awaidhi kila siku, akakataa kwa kuchelea kuwachosha watu, kama Mtume (s.a.w.) alivyochelea.

Basi kijana wetu amfuate mwenzake faragha, kama Salman alivyokwenda nyumbani. Aanze na lililo kweli: kama Alfajiri inampita, aseme inampita. Kisha ataje siku moja, asiseme "wewe kila siku". Kwa mfano: "Juzi kijiweni ulinisema mbele ya wadogo zangu. Ulilosema ni kweli, lakini niliondoka na hasira, hata Alasiri sikuja msikitini. Ukiwa na la kuniambia, niite pembeni. Na siku nyingine tuongee habari za mashamba tu, kama zamani."

Ombi liwe dogo namna hiyo. Akimtaka anyamaze kabisa, atakuwa anamtaka aache analoliona ni wajibu wake, na ugomvi utahama kutoka kwenye urafiki uingie kwenye dini. (Na kama analokatazwa linamdhuru mtu mwingine, ulevi unaomaliza pesa za watoto kwa mfano, hana la kulalamika.)

Asitazamie jibu siku hiyohiyo. Huenda akasomewa aya. Atazame wiki mbili tatu zinazofuata, kama mwenzake ataanza kuuliza hali ya mama na mavuno kabla ya kuuliza ndevu. Ikibaki hotuba ileile, apunguze kukaa naye, ila salamu asiikate, kwani Muislamu amekatazwa kumhama nduguye zaidi ya siku tatu.