Ujira na Faida

Husemwa kwamba washirika wa biashara hugombanishwa na tamaa. Siafiki. Mara nyingi kila mmoja hudai haki, ila ni haki za namna mbili zilizotiwa katika droo moja.

Niliitwa kuwasuluhisha washirika wawili wa karakana ya samani. Mmoja alitoa fedha za mashine na mbao, kisha akaendelea na kazi yake ya ofisini. Wa pili ndiye fundi, asiyepumzika ila Jumapili. Walipatana kwa mdomo wagawane nusu kwa nusu. Mwezi mmoja, baada ya kulipa vibarua, mbao na umeme, zilibaki shilingi 1,200,000. Fundi akakataa kupokea 600,000. "Mzee, mimi nashinda kwenye vumbi, wewe waja kuhesabu tu," alisema. Mwenzake akajibu kwamba bila fedha zake hata hilo vumbi lisingekuwapo.

Sheria isingemsaidia fundi. Sheria ya ubia ya Kiingereza ya mwaka 1890, ambayo zetu zimeifuata, husema kuwa pasipo mapatano mengine washirika hugawana sawa, wala mshirika hadai mshahara kwa kazi ya ubia.

Nikauliza: fundi akiugua, atakayeshika nafasi yake mtamlipa kiasi gani? Wakabishana hadi wakafika 400,000. Huo ni ujira, si faida. Mashine ilinunuliwa kwa 3,600,000, na fundi alikadiria itadumu miaka 5. Basi kila mwezi ziwekwe kando 60,000 za kununulia nyingine. Zilizosalia, 740,000, ndizo faida: kila mmoja 370,000.

Hapo mwenye fedha akauliza lililo zito zaidi. Mwezi ukiwa mbaya, zikabaki 350,000, je, fundi atakula kwanza, kisha mwezi mzuri apate nusu kama aliyebeba hatari? Swali la haki kabisa. Katika mudharaba, utaratibu wa sheria ya Kiislamu, mtenda kazi hana mshahara bali fungu la faida. Hasara ikija bila uzembe wake, mwenye mali hupoteza mali, naye hupoteza jasho. Naupenda usawa huo, lakini karo za watoto hazingoji faida. Wakapatana fundi apewe 250,000 kila mwezi kwa vyovyote, na 150,000 ziandikwe kuwa deni la karakana, lilipwe kabla ya kugawana faida.

Njia hii haifai penye shuku ya wizi. Hapo huanzwa kwa kuhesabu mbao na stakabadhi mbele ya mtu wa tatu, maana huwezi kukadiria ujira kutoka daftari lisiloaminiwa. Hawa wawili waliliamini daftari lao. Kilichomuuma fundi ni kuandika siku zake za kazi. "Sasa nimekuwa kibarua wa rafiki yangu?" Sikumjibu. Mwenzake ndiye aliyesema kwamba zake pia ziandikwe, hata zile saa chache za kupanga foleni benki.