Kujificha na Kutafutwa

Kuanzia mwisho wa Agosti 2017, mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika, nchini Kongo, yaliwafanya maelfu ya watu wavuke mpaka na kuingia wilaya ya Nchelenge, nchini Zambia, kando ya Ziwa Mweru. Walipokewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, na mwanzoni mwa 2018 wakaanza kuhamishiwa makazi ya Mantapala. Wapo watoto waliofika bila wazazi wao.

Kwa watoto kama hao naufikiria mchezo wa kombolela. Aliyewahi kulala kichakani akisikiliza nyayo za wenye silaha, ukimwambia akajifiche, unamwambia nini hasa? Wengine wangeufuta mchezo huo kabisa. Mimi sikubali. Kujificha ndiko kulikomwokoa. Asichokipata ni mtu wa kumtafuta kwa wema. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliliona hili mwaka 1963: kufichika ni raha, balaa ni kutopatikana.

Basi kinachofaa kurekebishwa ni utafutaji. Watoto wakae duara, kila mmoja ataje jina lake, kisha wajifiche wawiliwawili, mchana, ndani ya eneo ambalo wote wamelitembelea. Mtafutaji wa kwanza awe mlezi wanayemjua, naye aimbe anapotembea, ili asimnyemelee mtu. Akimwona mtoto, amwite kwa jina, asimshike. Anayetaka kutoka apige makofi, atoke, wala asiulizwe sababu. Mchezo hauishi mpaka majina yote yaitwe. Mlezi akiitwa ofisini katikati ya mchezo akaondoka, amewafundisha watoto jambo ambalo tayari wanalijua mno.

Asiyetaka kujificha awe mtafutaji. Mara nyingi huko ndiko anakoanzia, kwa sababu mtafutaji anaona kila upande na hakuna anayemshtukiza.

Mlezi awe macho. Mtoto aliyepatikana kwa kawaida hucheka au hulalamika. Akibaki amekakamaa, macho yameganda, au akimpiga aliyemwona, mchezo umegusa kidonda. Hapo mlezi akae naye kando bila kumhoji, na siku nyingine wacheze kitu cha wazi, kama kurushiana mpira huku wakitajana majina. Naiepuka pia michezo ya kumtoa anayeshindwa, kama ule wa kugombea viti: aliyekwisha kutolewa kwao hahitaji kutolewa tena kwa kukosa kiti.

Lipo jambo ambalo mchezo hauwezi, na hapa ndipo naogopa zaidi. Mtoto anaweza kuuliza kama mama naye atapatikana hivyo hivyo. Ni rahisi mno kumjibu ndiyo. Kutafuta ndugu ni kazi ya watu wengine, yenye fomu, picha na safari za ng'ambo ya mpaka, na hakuna anayejua mwisho wake. Mlezi amwambie anachokijua siku hiyo: nani anamtafuta mama, ameulizia wapi, na lini ataleta habari, hata ikiwa habari yenyewe ni kwamba bado hajapatikana.