Kiinua Mgongo na Miaka Isiyojulikana



Ndugu msomaji, sote tunakijua kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) na akiba ya nafaka ya Misri. Watu walilima miaka saba, wakala kidogo, wakahifadhi kilichobaki, kisha wakatoa kwa kipimo katika miaka saba ya ukame. Wahadhiri wengi hukitumia kisa hiki kuhimiza akiba, na ni sawa. Lakini mna jambo moja ndani yake ambalo mstaafu wa leo hanalo: Yusuf alijulishwa idadi ya miaka. Mwenye ghala anayejua kwamba njaa ni ya miaka saba anaweza kugawa magunia kwa saba. Mzee anayestaafu akiwa na miaka 55 atagawa kwa ngapi? Ajali yake iko kwa Mola wake. Huenda akaishi miaka mitatu, huenda akaishi thelathini na tano.

Nimelifikiria swali hili kwa sababu ya kwetu. Mpaka wa Busia unagawa mji mmoja kwa serikali mbili, na safari ya kutoka hapo hadi Tororo ni fupi. Familia nyingi zina watu pande zote mbili, kwa hiyo wazee wa ukoo mmoja hustaafu chini ya sheria mbili tofauti. Aliyefanya kazi Tororo na kuchangia NSSF ya Uganda hufikisha miaka 55 akapewa pesa zake zote kwa mkupuo mmoja. Ndugu yake aliyeajiriwa Busia ya Kenya, kama mwajiri wake alikuwa na mfuko wa pensheni, huruhusiwa mkupuo usiozidi theluthi moja. Kilichobaki huchagua: ama anunue anuiti, ama akiweke katika mfuko wa kutoa kidogo kidogo, ambako hawezi kutoa zaidi ya asilimia 15 ya salio kwa mwaka.

Anuiti ni hivi: unaipa kampuni ya bima pesa zako, nayo inakulipa kiasi fulani kila mwezi mpaka ufe. Ukifa mapema, pesa zilizobaki si zako tena wala si za warithi wako, isipokuwa mkataba uwe na muda wa dhamana au unamtaja mwenzi wako. Kutoa kidogo kidogo ni kinyume chake: pesa zinabaki milki yako, unazipunguza mwaka kwa mwaka, na ukifa salio linaingia katika mirathi.

Tufanye hesabu ya mzee wa Tororo mwenye shilingi za Uganda milioni 80. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba ameziweka katika mudharaba wa halali unaozaa asilimia 7 kwa mwaka. Hakuna mudharaba unaoruhusiwa kuahidi faida, kwa hiyo 7 ni makadirio, na mwaka mwingine inaweza kuwa hasara. Kila hauli inapotimia atatoa zaka, asilimia 2.5 ya salio. Hapa ndipo hesabu nyingi za wataalamu wa pensheni zinapomwacha Mwislamu, kwa maana hazihesabu zaka. Baada ya zaka, pesa zake zinakua kwa asilimia 4 na ushei tu.

Akitoa shilingi 700,000 kila mwezi, pesa zitamwishia baada ya miaka kama 12, akiwa na miaka 67. Akitoa 500,000, zitamfikisha miaka 74 hivi. Akifuata kipimo cha Kenya na kutoa asilimia 15 ya salio kila mwaka, hazitaisha kamwe, lakini mshahara wake utasinyaa: mwaka wa kwanza atapata milioni moja kwa mwezi, na baada ya miaka kumi atapata kama 300,000, wakati bei ya unga na dawa imepanda. Kwa hiyo asilimia 15 ni ukomo wa sheria. Mwenye kuichukua kama ushauri atakuwa anakula uzee wake wa mwisho.

Sasa tuseme kampuni inamwahidi kwa milioni 80 hizo hizo shilingi 700,000 kila mwezi hadi kufa. Inawezaje, hali akizitoa mwenyewe kiasi hicho zinakwisha kwenye 67? Zaka ni sehemu ndogo ya jibu, kwani aliyenunua anuiti hana tena mtaji wa kuutolea zaka. Sehemu kubwa ni vifo. Kampuni imekusanya wazee elfu moja. Haijui nani atakufa lini, lakini inajua kwa karibu ni wangapi watakufa kila mwaka. Pesa za aliyekufa na miaka 60 ndizo zinazomlipa aliyefika 90. Mzee mmoja hawezi kujigawanya kwa wastani, ila elfu moja wanaweza. Miaka isiyojulikana kwa mmoja inajulikana kwa kundi.

Hapo fiqhi inauliza: pesa za marehemu zimemfikia aliye hai kwa mkataba gani? Kama ni mauziano, tumeuza fedha kwa fedha, kwa kuchelewesha na bila usawa, na hiyo ni sura ya riba. Tena kile kinachonunuliwa hakijulikani kiasi chake, kwa kuwa kinategemea siku ya kufa, na hiyo ni gharari iliyo kubwa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya OIC, katika kikao chake cha Jidda cha Desemba 1985, liliamua kwamba bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ina gharari kubwa inayoharibu mkataba, likaelekeza kwenye bima ya ushirikiano. Sheikh Mustafa az-Zarqa wa Syria alikuwa na rai tofauti: aliijuzisha bima, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba wanazuoni hawakuikataa pensheni ya serikali, ambayo nayo mtu hajui atalipwa miaka mingapi. Hoja hiyo ina uzito, lakini naona haitoshi hapa. Serikali inapomlipa mtumishi wake inatimiza wajibu kwa aliyeitumikia. Kampuni inauza umri wa watu na kuchukua faida katika tofauti, na kwa kawaida inaweka pesa hizo katika dhamana za serikali zenye riba.

Wengine huongeza hoja ya mirathi, wakisema anayenunua anuiti anawanyima watoto wake haki. Hii naiona dhaifu. Haki ya mrithi haijafungamana na mali ya mtu aliye hai na mzima. Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) alipotaka kuitoa mali yake, Mtume (s.a.w.) alimzuia asivuke theluthi, lakini Sa'd alikuwa mgonjwa akidhani anakufa. Mzee mzima anayejilisha kwa mali yake hajamdhulumu mtu.

Lakini hoja hiyo ina upande wa pili ambao hausemwi sana. Mzee wa kutoa kidogo kidogo akifika 75 mikono mitupu, nani atamlisha? Watoto wake, na fiqhi inawawajibisha nafaka ya mzazi asiye na kitu. Basi kutoa kidogo kidogo hakuondoi hatari ya kuishi sana, kunaihamisha. Mkataba wa anuiti unaiweka kwa wageni elfu moja, kutoa kidogo kidogo kunaiweka kwa watoto wanne. Na watoto wanne ni kundi dogo mno: mmoja dereva wa malori Malaba, mmoja mwalimu, wawili hawana kazi ya kudumu. Wakati mzee anatimiza 75, wao wanasomesha. Kwa hiyo anayekataa anuiti kwa ajili ya dini asidhani amemaliza. Amechukua deni la kupanga vizuri, ili asiwabebeshe wanawe kile alichokataa kuibebesha kampuni.

Mpango ninaouona mimi ni huu. Mzee wa Tororo agawe milioni 80 mara mbili tangu siku ya kwanza. Milioni 60 zimlishe hadi 75: kwa makadirio yetu zinaruhusu kama 360,000 kwa mwezi. Milioni 20 zisiguswe kwa miaka 20. Baada ya zaka ya kila mwaka zitafika kama milioni 46, na akizitoa kwa kiasi hicho hicho zitampeleka karibu na 90. Bei zikipanda atatoa zaidi na zitaisha mapema, lakini hatafika 75 akiwa hana kitu. Kugawa huku hakuzai shilingi hata moja ya ziada, bali ni uzio. Sheria ya Kenya inamwekea ndugu yake uzio. Yeye wa Tororo hana, na mkupuo huonekana kutoka mbali: kila harusi, kila biashara ya mpwa, kila mgonjwa hupita mlangoni kwake. Ni vyema zile milioni 20 ziwe katika akaunti ya sahihi mbili, na aandike kwa mashahidi kwamba ni za uzee wake, na akifa ni mirathi.

Dalili kwamba mpango unaharibika ni rahisi kuiona. Kila mwaka, siku ya kutoa zaka, analiangalia salio. Kama faida imepungua au mwaka umekuwa wa hasara, na yeye hakupunguza anachotoa, basi anakula miaka ya mbele. Siku ya zaka basi inakuwa pia siku ya ukaguzi.

Angalia lakini bei ya msimamo huu: 360,000 badala ya 700,000. Tofauti hiyo ya 340,000 kila mwezi kwa sehemu kubwa ndiyo gharama ya kuubeba umri wako peke yako. Kilichoharamishwa si wazee kubebana, ni namna ya kuuziana. Wazee hao hao elfu moja wangeweza kuchangia mfuko kwa nia ya hisani, salio likawa la mfuko wenyewe au la wakfu, na msimamizi akalipwa ujira wake tu. Takaful Insurance of Africa ilianza Nairobi mwaka 2011, kwa hiyo ushirikiano wa namna hiyo katika bima si ndoto kwetu. Kinachohitajika ni kuupeleka kwa hatari ya kuishi sana, na hiyo ni kazi ya wanaosoma fiqhi wakikaa meza moja na wanaosoma hesabu. Mpaka mfuko huo uwepo, mzee wetu atoe kidogo kidogo, na atoe kidogo kuliko anavyotaka.

Wallahu a'lam.