Kosa Moja, Adhabu Mbili

Mtu afichaye pato lake hutozwa nyongeza na idara ya kodi, kisha hushtakiwa mahakamani. Je, hiyo ni haki, au ni kumpiga aliyekwisha kupigwa?

Mwaka 2008 raia mmoja wa Norwe alitozwa nyongeza ya asilimia 30 ya kodi aliyoikwepa, akalipa. Mwaka 2009 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa tendo lilo hilo. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikiri kwamba nyongeza ile, ijapokuwa na jina jingine, ilikuwa adhabu ya jinai. Lakini kwa kura 16 dhidi ya 1 haikuona dhuluma: mashauri yalikwenda sambamba, ushahidi ulitumiwa kwa pamoja, na nyongeza ilihesabiwa katika kupima kifungo.

Mwaka 2017, katika shauri la Aisilandi, mahakama hiyo iliona dhuluma, maana mashauri yalitengana kwa wakati na uchunguzi ulifanywa mara mbili.

Basi ubaya haumo katika idadi ya adhabu, bali katika kumfungulia mtu upya mlango aliodhani umefungwa.