Nani aliyeshika kadi

Mwaka ule nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, na ndani yake kulikuwa na programu ya unajimu ambayo kijana wa jirani alinirushia kwa blutuzi. Unaandika tarehe ya kuzaliwa na mahali, inakuchorea duara lenye nyota zako zote. Ukiandika za watu wawili, inaweka duara moja juu ya lingine na kukuonyesha nyota ya huyu imegusa wapi ya yule. Nikaandika zangu: Machi 1993, Uvira. Nikaandika za mchumba wangu kama zilivyo kwenye kadi yake ya kambi: 1 Januari 1995. Nikabonyeza.

Zuhura yake ilikuwa karibu digrii 24 za Nge. Pluto yangu, digrii 25 za Nge. Zimekaliana kabisa, moja juu ya nyingine.

Wanajimu wana maneno mengi kuhusu mgusano huo. Zuhura kwao ni kupenda na kupendwa, uzuri, kile unachokitaka karibu nawe. Pluto ni nguvu inayofanya kazi chini kwa chini, kilichofichwa, kinachokufa na kuzaliwa upya. Vikikutana kati ya watu wawili, wanasema, unapatikana mvuto usio wa kawaida: mwenye Zuhura anajisikia ameonwa mpaka ndani, na mwenye Pluto anashindwa kumtoa mawazoni. Wanasema ni upendo unaokula. Wanasema watu hao huachana wakarudiana. Nilisoma nikasema, basi, ndiyo sisi. Kumbe mimi siyo mwenye wivu, ni Pluto.

Hilo ndilo swali ninalotaka tulifikirie, ndugu msomaji. Mtu akiambiwa kwamba nguvu iliyo juu yake ndiyo inayomsukuma, je, bado ni yeye anayefanya analofanya?

Kwanza nieleze kidogo hii Pluto, kwa sababu wengi wetu unajimu tuliokua tukiusikia hauna kitu hicho. Falaki ya wazee wa pwani, na ile ambayo Sheikh Yahya Hussein aliifanya ijulikane Tanzania nzima, msingi wake wa zamani ni nyota saba zinazoonekana kwa macho: Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali. Zuhura hata hapa kambini tunaiona, ndiyo ile nyota ya alfajiri inayowaka wakati akina mama wanapanga madumu bombani. Pluto hakuna aliyewahi kuiona kwa jicho tupu. Iligunduliwa mwaka 1930 na Clyde Tombaugh huko Arizona, Marekani, katika picha za darubini. Jina lilipendekezwa na msichana wa miaka 11 wa Oxford, Venetia Burney, akikumbuka mfalme wa kuzimu katika hadithi za Warumi. Mfalme huyo alimteka binti aliyekuwa akichuma maua, akamshusha chini kuwa mke wake. Wanajimu walipolipokea jina, wakaipokea na hadithi yake. Ndiyo maana leo Pluto ikigusa Zuhura wanasoma habari ya mtekaji na aliyetekwa. Mimi hujiuliza, yule mtoto angesema jina lingine asubuhi ile, ningesoma nini kwenye simu yangu?

Lakini niwatendee haki. Wanajimu makini hawaishii kwenye moto. Wanatoa tahadhari, na tahadhari zao zinafanana sana na zile ambazo wahamasishaji wa mambo ya ukatili wa kijinsia hutuambia chini ya mti. Wanasema mwenye Pluto huanza kwa kutazama, halafu hupima, halafu hutaka kujua kila kitu, na mwisho hutaka kushika: fedha, siri, marafiki, muda. Wanasema mwenye Zuhura mwanzoni hufurahia kutazamwa vile, na hachelewi kugundua kwamba sasa anachungwa. Wanasema zaidi pembe zipo tatu za kuogopwa, yaani nyota zikikaliana, zikiwa robo ya duara (digrii 90) au zikitazamana (digrii 180). Kadiri hesabu inavyokaribia sawasawa, ndivyo wanavyoisoma kwa nguvu. Mimi nilikuwa na digrii moja tu ya tofauti. Tahadhari niliziruka. Nilisoma ule moto peke yake.

Mfano wanaoupenda ni wa waigizaji wa sinema Elizabeth Taylor na Richard Burton. Taylor alizaliwa 27 Februari 1932, Zuhura yake ikiwa karibu digrii 17 za Kondoo. Burton alizaliwa 10 Novemba 1925, Pluto yake ikiwa karibu digrii 14 za Kaa. Hapo kati ni robo ya duara, na tofauti ya digrii tatu hivi. Walipendana wakitengeneza filamu ya Kleopatra huko Roma, kila mmoja akiwa na ndoa yake. Wakaoana 1964, wakaachana 1974, wakaoana tena Oktoba 1975, na safari hiyo harusi ilifanyika huku kwetu Afrika, Chobe, Botswana. Mwaka uliofuata wakaachana tena. Ukiusoma mfano huu peke yake unasema, aisee, imetimia.

Sasa fanya hesabu. Pluto inatumia miaka 248 kulizunguka Jua. Katika miaka tuliyozaliwa sisi ilikuwa inasogea digrii mbili na kitu tu kwa mwaka. Maana yake kila mtu aliyezaliwa karibu na mwaka wangu ana Pluto pale pale ilipo yangu. Timu yetu nzima ya mpira, beki mpaka kipa, Pluto zetu zilikuwa juu ya Zuhura ya yule dada. Pluto ya Burton nayo ilikuwa ya wanaume wote wa rika lake. Na zile pembe kali zinaangukia sehemu nne za duara. Ukiruhusu digrii tano kila upande, kama wengi wanavyoruhusu, umechukua digrii 40 kati ya 360, yaani moja ya tisa. Na kwa kuwa unaweza kupima Zuhura yake kwa Pluto yangu, au Zuhura yangu kwa Pluto yake, inafika karibu wawili wawili mmoja kati ya watano. Tembea kwenye mistari ya nyumba za kijiji chetu, hesabu milango mitano. Kuna mmoja wenye mgusano huo, na wapo ndani wanamenya mihogo.

Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba imeandikwa. Nikaanza kumwomba namba ya siri ya simu yake, nikisema watu walioungana hivi hawafichani. Akanipa. Akienda bombani nilikuwa natazama saa. Kutoka kwao mpaka bomba na kurudi, foleni ikiwa ya kawaida, niliipigia dakika arobaini. Ikizidi nilitaka maelezo. Akilalamika namwonyesha simu: "Soma mwenyewe, ni nyota." Na kweli alisoma, na kwa muda aliamini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Maelezo yale yalimpa na yeye sababu ya kunivumilia.

Halafu nikaichukua kadi yake ya posho. Nilisema naitunza, kwao kunavuja. Mliokuja hapa kikazi huenda mnaiona kadi ile kama karatasi ya kazi. Sisi tunaijua: anayeshika kadi ndiye anayeamua nani atasimama kwenye foleni ya mgao, unga utapelekwa nyumba gani, na mtu akitaka kuondoka ataondoka na nini. Huko mjini mwanaume wa aina yangu angeshika akaunti ya benki.

Siku moja nilienda kumwamkia mama yake, nikamwambia kwa majivuno kwamba tarehe ya binti yake, bonane, ni tarehe nzito kwa nyota. Mama akacheka mpaka akaweka chini ungo.

"Mwanangu, nani alikuambia huyu alizaliwa bonane? Alizaliwa usiku wa kuamkia sikukuu ya uhuru, 30 Juni. Tulikuwa tunasikia ngoma wanafanya mazoezi. Hiyo ya bonane ni ya karani. Tulifika bila karatasi, akauliza mwaka, nikamwambia, siku akajaza mwenyewe."

Wasomaji wa kambini hamshangai. Ukipita kwenye orodha, nusu ya ukoo imezaliwa 1 Januari. Kwa unajimu kosa hilo lina tabia yake ya pekee. Pluto haijali sana, hata ukikosea miezi sita inabaki karibu pale pale. Zuhura inatembea zaidi ya digrii moja kwa siku, na kwa miezi sita imekwisha kubadilisha nyumba nyingi. Nikaandika upya. Zuhura yake ikahamia digrii 23 au 24 za Mapacha. Kutoka hapo mpaka Pluto yangu ni digrii 151 hivi. Siyo robo, siyo nusu, hazikukaliana. Wapo wanaohesabu hata pembe ya 150, lakini hao huisoma kama watu wasiosikilizana lugha, siyo moto. Nikapima na upande wa pili, Zuhura yangu kwa Pluto yake. Hakuna kitu. Mstari mwekundu uliondoka kwenye kioo.

Nilikaa nje kwenye kigoda nikisubiri. Nilidhani kama ni Pluto iliyokuwa imenishika, sasa itaniachia. Jioni akachelewa bombani, nami nikatazama saa.

Sijasema unajimu ni uongo mtupu, wala sitaki ugomvi na anayeufuata. Yule anayesoma mgusano huo na kusikia onyo, akajichunguza, nadhani amefaidika kuliko mimi, hata kama nyota hazikumsogeza hata kidogo. Ninachokataa ni ile njia ya mkato niliyopita: kwamba ukubwa wa ninavyojisikia ni haki yangu juu ya mtu. Hata kama Zuhura yake ingekaa juu ya Pluto yangu kwa tarehe ya kweli, nyota haikunyoosha mkono kuchukua kadi. Niliiweka mimi kwenye mfuko wangu wa shati, wa kushoto, wenye kifungo.

Haikupita wiki mbili alikuja na kaka yake mdogo. Hakupiga kelele. Alibaki mlangoni, akasema, "Naomba kadi yangu." Namba ya siri ya simu alikuwa ameshabadilisha, nilijua kwa sababu nilikuwa nimejaribu asubuhi ile. Nilifungua kifungo nikampa. Aliitazama, akapangusa jasho langu juu ya plastiki kwa kitenge chake.

"Hata hii bado inasema bonane," akamwambia kaka yake. "Kesho tupite kwa karani."

Wakaondoka kwa njia ya bombani.