Yosefu alikula nini Misri? Mkimbizi na haki ya kuajiriwa



Kanisa Kuu letu la Mji Mkongwe, lile ambalo kila mtu Unguja analiita Minara Miwili, limewekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yosefu. Huyu Yosefu tunamjua kwa sura mbili. Tarehe 1 Mei tunamwadhimisha kama mfanyakazi, sikukuu iliyowekwa na Papa Pius XII mwaka 1955. Na kila Noeli ikipita tunasoma Mathayo sura ya 2, tunamwona akiamshwa usiku, anachukua mtoto na mama yake, anakimbilia Misri. Yaani fundi na mkimbizi ni mtu yule yule. Lakini katika vichwa vyetu tumewatenganisha. Yosefu fundi yuko karakanani Nazareti, Yosefu mkimbizi yuko njiani na punda. Hatujiulizi kule Misri familia ilikula nini. Wapo wanaosema waliishi kwa dhahabu ya mamajusi. Inawezekana, Injili haisemi. Ila dhahabu huisha, na mtu mwenye ufundi mikononi hakai bure mwaka mzima akimtazama mtoto ana njaa.

Nauliza hivyo kwa sababu ya swali lililoletwa kwenye kikao chetu cha VIWAWA. Mwenzetu mmoja alisema wazi: "Sisi wenyewe ajira hatuna. Mkimbizi apewe hifadhi, apewe chakula, sawa. Lakini kazi ya mkataba apewe ya nini?" Wengi walitikisa kichwa kukubali. Na sisi ndio Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, jina lenyewe linataja kazi. Nadhani swali lile linastahili jibu la utulivu, siyo mahubiri ya huruma tu.

Kwanza tujue sheria inasemaje, maana wengi wetu tunadhani imekataza moja kwa moja. Sivyo. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 katika mwaka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi na Muungano. Ibara ya 17 ya mkataba huo inahusu kazi ya mshahara. Inataka mkimbizi anayeishi nchini kihalali asitendewe vibaya kuliko mgeni mwingine yeyote anayeruhusiwa kufanya kazi katika mazingira kama yake. Tena inasema vizuizi vilivyowekwa kulinda ajira za wenyeji visimhusu mkimbizi aliyekaa nchini miaka mitatu, wala aliyeoa au kuolewa na raia, wala mwenye mtoto ambaye ni raia. Na Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ina kifungu kinachoruhusu mkimbizi kupewa kibali cha kazi.

Sasa tatizo liko wapi? Liko kwenye makazi. Sheria hiyo hiyo inataka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa, na kwa vitendo hiyo maana yake ni kambi za Kigoma, kama Nyarugusu. Kutoka kambini kunahitaji ruhusa, na ruhusa hiyo ni ya muda mfupi na kwa sababu maalumu. Kwa hiyo mlango mmoja wa sheria unasema unaweza kufanya kazi, na mlango mwingine unasema usitoke hapa ulipo. Ajira rasmi haiko ndani ya kambi, iko Kigoma mjini, Mwanza, Dar es Salaam na huku kwetu. Haki ipo kwenye karatasi, lakini miguu imefungwa.

Huku Unguja kuna hatua moja zaidi. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, lakini kazi na ajira siyo. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, na inatoa vibali vyake vya kazi kwa wageni. Kibali kilichotolewa Bara hakikuruhusu kuajiriwa Paje. Na kwa kawaida kibali cha mgeni kinaombwa na mwajiri, kwa kazi ile na kwa mwajiri yule. Kwa hoteli kubwa inayomleta meneja kutoka Ulaya hilo ni jambo la wiki kadhaa na ada. Kwa mtu aliyekimbia bila pasipoti, ambaye kukaa kwake nje ya kambi ndiko kunakotiliwa shaka, hakuna mwajiri atakayehangaika.

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wenye sura ya kila siku. Fundi seremala kutoka Fizi, Kongo, amevuka Ziwa Tanganyika na mkewe. Kiswahili anakijua toka utotoni. Amesajiliwa, amekaa Nyarugusu miaka sita. Chakula cha mgao hakitoshi na randa yake inashika kutu. Siku moja anatoka, anafika Unguja, na ndani ya mwezi yuko kwenye karakana inayotengeneza milango ya nakshi kwa ajili ya hoteli za pwani. Anajua kazi. Bosi anampenda.

Bosi anampenda, lakini anampenda kwa hesabu. Fundi wa hapa anataka mshahara wa haki, anataka achangiwe ZSSF, akikatwa kidole anataka fidia. Huyu hana mkataba, kwa hiyo analipwa nusu. Mwezi wa tatu bosi anasema mteja hajalipa, subiri. Mwezi wa nne hivyo hivyo. Fundi ataenda wapi? Akienda ofisi ya kazi, swali la kwanza ni jina na kitambulisho. Akitaja kambi, kesi yake ya mshahara imegeuka kesi ya uhamiaji, na mdai amekuwa mtuhumiwa. Bosi analijua hilo vizuri, ndiyo maana anaweza kumwambia kwa upole kabisa: "Nenda kashtaki."

Hapa ndipo napoona kiini cha suala. Kumnyima mkimbizi ajira rasmi hakumzuii kufanya kazi. Tumbo halisomi sheria. Kinachoondolewa siyo kazi, ni shahidi. Mkataba ni shahidi, hati ya mshahara ni shahidi, mchango wa hifadhi ya jamii ni shahidi. Vyote hivyo vinasema kwamba mtu huyu alifanya kazi na anadai. Ukiviondoa, jasho linabaki pale pale, ila hakuna anayelijua isipokuwa anayefaidika nalo. Na Mungu.

Kumbukumbu la Torati sura ya 24, aya ya 14 na 15, inaligusa jambo hili kwa namna inayonishangaza kila nikisoma. Inamwagiza Mwisraeli asimdhulumu kibarua maskini, awe ndugu yake au mgeni aliye katika nchi yake. Amlipe siku ile ile kabla jua halijazama, kwa sababu ni maskini na roho yake inautegemea ujira huo. Angalia kwamba ndugu na mgeni wamewekwa pamoja katika sentensi moja, chini ya kanuni moja. Mwandishi hakuwa na sheria mbili za ujira, moja ya mwenyeji na moja ya mtu wa kuja. Mtakatifu Yohane Paulo II naye, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba mtu anayefanya kazi nje ya nchi yake asiwekwe nyuma ya wafanyakazi wengine katika haki za kazi.

Sasa nirudi kwa mwenzetu wa kikao. Hoja yake si ya chuki. Kijana wa Mwanakwerekwe anayezunguka na bahasha ya vyeti miaka miwili ana haki ya kuuliza. Na Kanisa halisemi serikali haina mamlaka. Katekisimu, namba 2241, inasema nchi zinazojiweza zina wajibu wa kupokea kadiri ya uwezo wao, kwamba watawala wanaweza kuweka masharti kwa ajili ya manufaa ya wote, na kwamba mgeni naye anawajibika kutii sheria za nchi iliyompokea. Kwa hiyo siandiki kumshauri mtu yeyote atoroke au afiche watu.

Lakini tuitazame hoja yenyewe kwenye ile karakana. Nani aliyemnyang'anya kazi fundi wa Mwanakwerekwe? Si kibali cha kazi, maana hakikuwepo. Ni kule kukosekana kwake. Bosi alimwacha mwenyeji kwa sababu alimpata mtu wa bei nusu asiyeweza kushtaki. Kama yule Mkongo angekuwa na mkataba wenye kima kile kile na michango ile ile, bosi angebaki na swali moja tu, nani fundi zaidi. Ajira ya siri ndiyo inayoshusha mshahara wa wote wawili. Anayetaka kumlinda kijana wa hapa angetaka kila mfanyakazi aonekane kwenye daftari.

Na visiwa hivi vinajua upande wa pili. Baada ya mauaji ya Januari 2001, watu zaidi ya 2,000, wengi wao Wapemba, walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi. Hata kabla ya hapo kulikuwa na Wapemba waliokwenda Kenya kuvua miaka mingi nyuma, wakazaa na kujukuu kule bila kitambulisho cha nchi yoyote. Bila kitambulisho, mvuvi hapati leseni ya jina lake. Walivua, bahari haiulizi kitambulisho, lakini kwa kujificha. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ikawatambua kuwa raia. Samaki ni wale wale na mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa wana jina.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenzangu ni hili. Nchi inaweza kupanga nani aingie na kwa utaratibu gani. Lakini ikishakubali kuyapokea maisha ya mtu, ikakaa naye miaka sita, kumi, ishirini, haiwezi kwa haki kumnyima njia ya kuyaendesha maisha hayo kwa mikono yake. Kumlisha mtu mwenye nguvu huku umemfunga mikono siyo hisani iliyokamilika. Uganda kwa sheria ya 2006 na Kenya kwa sheria ya 2021 zimeiandika haki hii ya kazi waziwazi. Utekelezaji una kasoro zake, lakini zimeanza kwa kusema ndiyo.

Kwetu sisi tusiotunga sheria, tuanze na tunachokishika. Wewe unayesimamia jikoni hotelini, au una saluni, au unajenga: kama mtu amekufanyia kazi, mlipe kima unachomlipa mwenyeji, siku mliyopatana, hata kama hana pa kukushtaki. Hasa kama hana pa kukushtaki. Na ukimjua mkimbizi aliyeoa Mtanzania au mwenye mtoto raia, mwambie kwamba hali yake inatajwa katika Ibara ya 17, na umwelekeze Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ya Wizara ya Mambo ya Ndani au UNHCR, siyo kwa dalali wa vibali.

Swali la kutafakari wiki hii: katika kazi ninayoisimamia au ninayofaidika nayo, je, kuna mtu ambaye jasho lake halijaandikwa popote?

Tusali. Mtakatifu Yosefu, uliyebeba familia yako na ufundi wako katika nchi ya ugenini, utuombee tusiwe watu wa kumpokea mgeni mlangoni na kumdhulumu karakanani. Uwaombee watawala wetu hekima, na wote wanaosubiri kambini siku ya kurudishiwa kazi ya mikono yao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.