Mtumishi wa Josho

Je, serikali ina haki ya kumwachisha kazi mtu asiyekosa neno, kwa sababu tu fedha za kumlipa zimepungua? Swali hili huulizwa mara nyingi, na mara nyingi hujibiwa kwa moyo zaidi kuliko kwa akili. Mimi naona kuwa huulizwa nusu tu. Nusu yake ya pili ni hii: mtu huyo alipokuwa kazini alikuwa akizuia jambo gani lisitokee, na ni nani atakayelizuia akiisha kwenda zake?

Mwaka 1993 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kurekebisha utumishi wake. Watumishi wa ngazi za chini, tangu A hadi G, walitakiwa wastaafu mapema kwa hiari, walipwe kitita cha fedha, na nafasi walizoziacha zifutwe. Mwaka 2000 hiari ilikoma. Maelfu wengine walipunguzwa kwa lazima. Tusiharakishe kulaumu. Mishahara ilikuwa imemeza fedha nyingi mno hata kazi yenyewe ikakosa vyombo. Afisa wa mifugo aliyelipwa kila mwezi, na pikipiki yake haina petroli, hawezi kumfikia ng'ombe mgonjwa. Mshahara wake humfaa yeye peke yake. Waliosema kwamba jambo lile haliwezi kuendelea walisema kweli.

Tena ziko kazi ambazo zaweza kutolewa kwa kampuni bila hasara kubwa kwa mwananchi. Ofisi isiyofagiliwa leo huonekana chafu leo, na mwenye kampuni huitwa akaulizwa. (Kwamba mfagiaji wa kampuni hupata ujira mdogo kuliko aliyemtangulia ni neno jingine, nalo si dogo.) Lakini ziko kazi ambazo kosa lake halionekani siku ile wala mwezi ule. Mfano ninaoujua vema ni josho la ng'ombe.

Josho ni handaki la saruji lililojaa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe hutumbukia upande mmoja, huogelea, hupanda ngazi upande wa pili, kisha husimama kwenye sakafu yenye mteremko ili maji yamchuruzike na kurudi ndani. Katika miaka ya 1970 serikali ilitwaa usimamizi wa majosho mengi, ikaweka watumishi na kutoa dawa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliyarudisha kwa wananchi, yaendeshwe na kamati zao kwa ada ya wenye mifugo.

Mtu apitaye njiani humwona mtumishi wa josho kama mtu wa kufungua lango na kuhesabu ng'ombe. Kazi yake hasa ilikuwa kulinda nguvu ya dawa. Tuseme josho lina lita 15,000, na kila juma huogeshwa ng'ombe 500. Hata baada ya kuchuruzika, kila ng'ombe huondoka na lita kama mbili katika manyoya yake. Kwa hiyo lita 1,000 zimepotea. Mtu asiyejua, akiona maji yamepungua, huongeza maji. Akifanya hivyo kila juma, dawa hubaki sehemu 14 katika 15 ya ilivyokuwa. Na baada ya majuma kumi imebaki nusu. Hiyo ni hesabu ya upole. Dawa nyingi hushika manyoya upesi kuliko maji, basi ng'ombe hutoka na dawa zaidi ya kadiri ya maji aliyoyachukua. Ndiyo sababu maji ya kujazia hutakiwa yawe na dawa kali kuliko yale ya mwanzo. Mtumishi alipima kina kwa kijiti chenye alama, akaandika idadi ya ng'ombe na mvua iliyoingia, akachukua maji katika chupa yakapimwe maabara. Kwa macho, josho lenye dawa kamili na josho lenye nusu ya dawa hayana tofauti: maji ni yale yale ya udongo, yenye harufu ile ile.

Basi mtumishi ameondoka na kitita chake, na kamati imepokea ufunguo. Juma la kwanza ng'ombe wanaogeshwa. La tano pia. Ada inalipwa, na watu wanasema serikali ilikuwa ikipoteza fedha bure. Kisha kupe huonekana ndani ya masikio. Kupe walionusurika katika dawa hafifu ndio wanaozaa, na kizazi chao hustahimili dawa zaidi. Mwisho huja ndigana kali: tezi za chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, homa hupanda, ng'ombe hukohoa, na povu hutoka puani kabla ya kufa.

Hapa ndipo penye uzito wa swali letu. Ndama wa kienyeji aliyekua kati ya kupe huweza kuugua akiwa mchanga, na akipona hupata kinga. Ng'ombe aliyeogeshwa vema kila juma tangu kuzaliwa hana kinga hiyo. Kinga yake ni josho. Josho likilegea, hufa ng'ombe wazima kwa wingi, na wa gredi ndio hutangulia. Katika Zimbabwe, vita vya ukombozi vya miaka ya 1970 vilipokatiza uogeshaji, karibu ng'ombe milioni moja walikufa kwa magonjwa ya kupe. Huduma iliyodumu miaka ishirini ikakatika huleta msiba ambao huduma isiyokuwako kamwe haiwezi kuleta.

Kwa hiyo deni la serikali halikuwa kwa mtumishi peke yake. Yeye alilipwa, hata kama kitita kile kiliisha upesi mikononi mwa mtu aliyezoea mshahara mdogo wa kila mwezi. Mfugaji hakulipwa kitu, ingawa ni serikali iliyomfundisha kutegemea josho na kumhimiza anunue ng'ombe wa gredi. Kumwambia sasa ajitegemee ni sawa na kumwondolea mtu mkongojo baada ya kumzoesha kuutumia, ukamwita mvivu.

Wengine hujibu kwamba kila mtu anunue pampu na kunyunyizia ng'ombe wake. Wengi hufanya hivyo, na katika nyanda za maziwa zenye soko zuri, kama Kiambu, daktari wa mifugo wa kujitegemea hupata riziki na mfugaji hupata huduma. Lakini kupe hana habari ya ua. Mwenye pampu hupakana na asiye na pampu, na malisho na njia ya mtoni ni vya wote wawili.

Ziko kamati zilizofaulu. Mengi ya majosho yale, hata hivyo, yalisimama, na mengine leo ni mahandaki makavu yenye magugu. Naamini ilifaa mambo matatu yafanywe kabla ya ufunguo kutolewa. Mtumishi yule yule angeachwa kazini misimu miwili chini ya kamati, ili amfundishe mtu wa kijijini kupima na kujazia. Daftari lake lingekabidhiwa pamoja na ufunguo, kwa maana bila idadi ya ng'ombe wa majuma yaliyopita hakuna ajuaye dawa kiasi gani imekwisha kutoka. Na maabara ya serikali ingeendelea kupima chupa za maji bila malipo, na kupeleka jibu kwa wenye ng'ombe wenyewe, lisomwe siku ya kuogesha mbele ya wote, kamati ikiwapo.